Gololi nne na kosa la kujumlisha

Nilipoanza kusoma minyororo ya Markov nilipoteza alama kwa sababu ya kujumlisha namba tisa vibaya. Kibaya zaidi, mfano wa darasani ndio ulionificha kosa hilo. Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye somo hili, chukua mfano huu wa watoto wawili na gololi 4.

Asha na Musa wanacheza. Kila raundi anayeshindwa anampa mwenzake gololi moja, na mchezo unakwisha mmoja akibaki mikono mitupu. Hali ya mchezo ni idadi ya gololi za Asha: 0, 1, 2, 3 au 4. Hali 0 na 4 zinanasa, maana ukiingia hutoki. Hali 1, 2 na 3 ni za kupita tu. Swali ni hili: kwa wastani zitachezwa raundi ngapi kabla ya kunasa?

Darasani tulipewa watoto wenye uwezo sawa, nusu kwa nusu. Mimi nakushauri uanze na Asha aliye hodari kidogo: anashinda kwa uwezekano wa 2/3, anashindwa kwa 1/3. Sababu utaiona hapo chini.

Andika matriki Q ya hali za kupita peke yake: safu mlalo ni hali unayotoka, safu wima ni hali unayokwenda, na kila namba ni uwezekano wa kuhama hivyo kwa raundi moja. Ukiziingiza 0 na 4 humo, I − Q inapata safu za sifuri tupu, haina kinyume, na kompyuta itakuambia `Singular matrix`. Ukikutana na ujumbe huo, rudi uhesabu hali ulizoweka.

```python
import numpy as np
Q = np.array([[0, 2/3, 0],
              [1/3, 0, 2/3],
              [0, 1/3, 0]])
N = np.linalg.inv(np.eye(3) - Q)
print(N)
print(N.sum(axis=1))
```

N ndiyo matriki ya msingi, na hii ndiyo inayotoka:

```
1.4  1.2  0.8
0.6  1.8  1.2
0.2  0.6  1.4
```

Usikimbilie kujumlisha. Jiulize kwanza namba hizi zinahesabu nini. Q ikizidishwa yenyewe mara n inatoa uwezekano wa kuwa katika kila hali ya kupita baada ya raundi n. Ukijumlisha uwezekano huo kwa raundi zote, I + Q + Q² na kuendelea, unapata wastani wa mara ambazo hali hiyo itatembelewa. Jumla hiyo isiyo na mwisho ndiyo kinyume cha I − Q. Kwa hiyo 1.2 ya safu ya kwanza inasema: Asha akianza na gololi 1, kwa wastani atajikuta na gololi 2 mara 1.2. Ile I ya mwanzo ni kituo cha kuanzia, nacho kinahesabiwa. Ndiyo maana namba za mshazari haziwezi kuwa chini ya 1. Ukiona 0.4 pale, kuna kitu umekosea.

Kila ziara kwenye hali ya kupita inafuatwa na raundi moja. Basi raundi zote ni jumla ya ziara zote kutoka mahali ulipoanzia, yaani jumla ya safu mlalo: 3.4, 3.6 na 2.2.

Mimi nilijumlisha safu wima. Kwenye mfano wa nusu kwa nusu matriki ina ulinganifu, hivyo mlalo na wima vyote vinatoa 3, 4, 3, na nikapewa vema. Kwenye mtihani uwezekano haukuwa sawa. Hapa kwa Asha, wima inatoa 2.2, 3.6, 3.4: namba zilezile zimegeuzwa, na zote zinaonekana za kuaminika. Kwenye kodi kosa hilo ni kuandika `axis=0` badala ya `axis=1`.

Kulikamata ni rahisi. Kutoka hali 1 unacheza raundi moja, kisha kwa 2/3 uko hali 2. Kwa 1/3 mchezo umekwisha. Kwa hiyo t₁ = 1 + (2/3) × 3.6 = 3.4. Ile 2.2 inakataa kuingia kwenye mlinganyo huu.

Hali 2 inakaguliwa hata bila matriki. Baada ya raundi mbili, ama Asha kashinda zote (4/9), ama kashindwa zote (1/9), ama karudi pale pale na gololi 2. Kila jozi ya raundi inamaliza mchezo kwa uwezekano wa 5/9, hivyo jozi zinazohitajika kwa wastani ni 9/5, yaani raundi 3.6. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya michezo inayoanzia hapo inakwisha kwenye raundi ya pili, na hakuna hata mmoja unaokwisha kwenye raundi ya tatu. Kwa hiyo ukiigiza mchezo kwenye kompyuta mara nne ukaona 2, 2, 4, 2, usivunje kodi yako kwa kuwa hujaiona 3.6. Igiza mara elfu kadhaa, kisha ndipo utafute wastani.