Ya bluu kwanza, kisha subiri: inhela mbili za pumu kwa mpangilio wake

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia kuhusu mama yake. Mama ana inhela mbili, ya bluu ambayo ni salbutamoli na ya kahawia ambayo ni beklometasoni, na kaandikiwa mipulizo miwili ya kila moja asubuhi na jioni. Anaanza na ya kahawia, anaibonyeza mara mbili papo kwa papo, anarukia ya bluu mara mbili, na yote yamekwisha kabla chai haijamiminwa. Sasa sauti imekwaruza, ulimi una utando mweupe na usiku kifua bado kinabana. Mama keshaamua kwamba ya kahawia haifai kitu.

Dada, usiitupe. Ya bluu hulegeza misuli iliyokaza njia za hewa, na kwa dakika tano hivi njia huwa zimeanza kufunguka. Ya kahawia hutuliza uvimbe ulio ndani ya njia hizo, kazi inayochukua siku hadi wiki kadhaa, kwa hiyo mama hawezi kuisikia ikifanya kazi pale pale. Kifua kikiwa kimebana, ukitanguliza ya kahawia sehemu kubwa yake huishia kooni na mdomoni. Huko ndiko inakoleta ule utando, ambao ni fangasi, na ile sauti ya kukwaruza.

Tuseme mama anaanza saa 1:00 asubuhi. Anatikisa ya bluu, anatoa pumzi yote nje, anabana mdomo wa inhela kwa midomo, anaanza kuvuta polepole na hapo hapo anabonyeza mara moja. Anaendelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha anazuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri anavyoweza. Anapumua kawaida kwa nusu dakika hadi dakika moja, anatikisa tena, anavuta mpulizo wa pili. Sasa ni kama saa 1:01. Anakaa mpaka saa 1:06 ndipo anashika ya kahawia, na anafuata hatua zile zile, mpulizo mmoja, kusubiri, kutikisa, mpulizo wa pili. Kisha anasukutua mdomo na koo kwa maji na kuyatema. Kuyameza ni kuipeleka dawa tumboni. Afanye haya kabla ya kupiga mswaki, basi kusukutua hakutasahaulika.

Ile nusu dakika watu huidharau, na nimechoka kuibembelezea. Ndani ya kopo kuna vali yenye kikombe kidogo kinachopima dozi moja tu. Ukibonyeza haraka haraka, kikombe huenda hakijajaa sawasawa, na gesi iliyotoka imeshaipoza vali. Dawa nayo hujitenga na gesi kopo likitulia, ndiyo maana unatikisa kabla ya kila mpulizo. Anayetumia chemba ya plastiki inayochomekwa mdomoni mwa inhela naye asipulize miwili pamoja: chembe hugongana na kunata ukutani. Apulize mmoja, avute, ndipo aweke mwingine.

Mtazame mama akivuta. Ukiona moshi mweupe ukitoka pembeni mwa midomo au puani, dawa hiyo haikufika. Chemba humsaidia sana mwenye mikono mizito, kwa sababu halazimiki kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja.

Mpangilio huu ni wa wakati dawa zote mbili zinahitajika. Asubuhi ambayo kifua ni chepesi, muulizeni daktari kama avute ya kahawia peke yake. Siku hizi ya bluu kwa kawaida huachwa kwa ajili ya dalili, na akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa na matibabu yaangaliwe upya. Akibanwa ghafla, aishike ya bluu tu, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, isizidi 10, huku mkiandaa usafiri. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, nendeni hospitali bila kungoja. Ya kahawia haizimi shambulio.

Someni jina kwenye kopo, maana rangi hutofautiana kwa kiwanda. Likiwa na budesonidi na formoteroli pamoja, hiyo ina mpangilio wake na haya hayaihusu.

Hesabu nayo inasaidia. Kopo la mipulizo 200, kwa minne kwa siku, linamaliza siku 50. Andika tarehe ya kuanza juu ya ganda la plastiki. Siku ya 50 ikipita, badilisha hata kama bado linatoa sauti, kwa sababu gesi hubaki wakati dawa imekwisha. Likiisha siku ya 25, kuna mtu anabonyeza mara mbili mbili.