Mkuu usianzie kwenye invoisi, utanunua gari usilolihitaji

"Wakuu nauza vipuri vya pikipiki jumla hapa Dar, wateja wanalalamika mzigo unachelewa. Nataka nipime muda wa oda kwa tarehe ya invoisi na ya delivari noti, nitoe wastani. Kuna programu nzuri ya hii kazi?"

Invoisi hapana mkuu, futa kabisa hiyo. Mimi nilianzia hapo hapo, nikachukua mkopo nikanunua kirikuu, na mzigo ukaendelea kuchelewa vile vile ila sasa unachelewa huku nalipa marejesho.

Kuna jamaa alikuja na laptopu na tai, nikamlipa hela nzuri, akaniambia invoisi ndiyo dokumenti rasmi, saa ianzie hapo. Ripoti ikatoka na rangi zake, kwamba toka invoisi mpaka mteja anasaini ni karibu siku nzima, kwa hiyo tatizo ni usafiri. Kumbe stoo hakuwahi hata kuingia, sijui hata kama alijua mlango uko wapi.

Chukua oda moja ya kawaida uone. Mteja wa Mbagala katuma wasap Jumatatu saa tatu kamili asubuhi, anataka cheni na breki shuu. Invoisi imetoka saa kumi jioni. Mzigo umeanza kutolewa rafu Jumanne saa tatu na nusu, nne na dakika kumi umefungwa, nne na dakika arobaini umetoka getini, saa sita kasoro kumi mteja kasaini. Kwa hesabu ya mshauri wangu hiyo ni saa 19 na dakika 50. Kwa hesabu ya mteja ni saa 26 na dakika 50, maana yeye anahesabu toka alipotuma meseji, invoisi yako haimhusu.

Sasa angalia barabarani tumekaa saa ngapi. Saa moja na dakika kumi! Kutoa na kufunga dakika 40, kusubiri getini nusu saa. Zilizobaki zote, saa 24 na nusu, oda ilikuwa imelala haiguswi na mtu. Ilisubiri saa saba kwa sababu yule mteja anachukua mali kauli na mali kauli lazima bosi aidhinishe, na bosi (ambaye ni mimi, msinicheke) nilikuwa napitia zote kwa pamoja jioni. Invoisi ikitoka saa kumi vijana wa stoo wanafunga hesabu, basi mzigo unalala. Yaani kuchelewa kwangu asubuhi ndiko kulikoleta usiku mzima juu yake, na ukianza saa kwenye invoisi hicho chanzo hukioni kabisa, unaona usiku tu unamlaumu dereva.

Kwa hiyo saa inaanza mteja alipoagiza, inaisha mteja alipopokea, na katikati andika muda kila oda inapobadilisha mikono. Usipime kazi inachukua muda gani, pima oda imekaa muda gani kati ya mtu na mtu. Mimi baada ya hapo nilichofanya ni kuwapa wateja wa zamani kiwango cha deni, asiyekizidi anapita bila kunisubiri. Invoisi zikaanza kutoka kabla ya saa tano, mzigo unaondoka mchana huo huo. Kirikuu kinashinda kivulini.

Excel inatosha ila ina mitego. Mtu asiandike `=NOW()` kwenye muda wa tukio, ukifungua faili kesho inabadilika yenyewe. Abonyeze `Ctrl+;` kisha nafasi kisha `Ctrl+Shift+;`, inaganda. Seli ya tofauti iweke `[h]:mm`, ukiacha `h:mm` saa 26 itasomeka 2 na utafurahi bure. Halafu kubalianeni saa za kompyuta, kijana wangu wa stoo alikuwa anaandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, kompyuta inasoma usiku wa manane, mzigo unafungwa kabla haujaagizwa 😂

Na huo wastani achana nao, tumia `=MEDIAN()` halafu zichungulie zile zilizochelewa zaidi moja moja. Lakini kuna kitu mshauri wangu hakukigusa kabisa, alihesabu oda zilizofika tu. Iliyokwama haina tarehe ya kupokelewa kwa hiyo haimo kwenye hesabu, na ndiyo unayoitafuta. Kila asubuhi chuja zisizo na saini, hapo `=NOW()` inaruhusiwa, toa muda wa kuagiza, panga yenye umri mkubwa juu, kisha mpigie simu aliyeishika mara ya mwisho. Ukikuta jina ni lako usishangae.