Ulisaini kabla kampuni haijasajiliwa? Deni ni lako
"Nimesaini mkataba wa godauni kwa niaba ya kampuni kabla haijasajiliwa, sasa mwenye godauni ananidai mimi, ni sawa?"

Pole ndugu, ila ni sawa. Siku unasaini kampuni haikuwepo, na asiyekuwepo hawezi kuwa na wakala. Uingereza 1866, kesi ya Kelner na Baxter, jamaa walinunua mvinyo kwa niaba ya kampuni ya hoteli iliyokuwa haijaundwa, ukanywewa, kampuni ikafilisika kabla ya kulipa, korti ikasema waliosaini walipe wenyewe, hata kampuni kuridhia baadae hakukuwaokoa. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 iko hivyohivyo, labda mkataba useme tofauti. Azimio la bodi ya kampuni kuukubali mkataba halikutoi kwenye deni, andikeni mkataba mpya kwa jina la kampuni na mwenye godauni akuachilie kwa maandishi.