Kukataa mwaliko wa Mwarabu wa Ghuba: maswali yenu na majibu

"Mimi ni fundi wa viyoyozi hapa Maskati. Jirani yangu Muomani kanialika chakula cha mchana Ijumaa, na siku hiyo nina zamu. Kiarabu changu ni cha kazini tu. Nimwambieje asione nimemdharau?"

Usianze na "la", na wala usianze na zamu. Anza na shukrani na dua, halafu useme ungependa kwenda, halafu udhuru mmoja mfupi, na mwisho utaje siku nyingine. Kwa herufi zetu inakuwa hivi:

"Mashkur, Allah yikathir kheirak. Wuddi aji, bas indi dawam yom il-juma. Marra thania, inshallah."

Yaani: nashukuru, Mungu akuzidishie kheri, natamani kuja, ila Ijumaa niko kazini, mara nyingine, Mungu akipenda. Ukimjibu mwanamke, "kheirak" hubadilika. Oman utasikia "kheirish", Imarati "kheirich".

Mpangilio huo una sababu yake. Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, na chakula cha Ijumaa baada ya sala ndicho kinachokusanya ukoo mzima kwa mzee. Jirani aliyekuita siku hiyo amekuita kwenye sinia la watu wake. Ukitanguliza zamu, atakachosikia ni kwamba umeshapima na kazi imeshinda. Ukitanguliza dua, atajua umeuona uzito wa alichokupa, na hapo zamu inabaki kuwa zamu tu. Hakuna asiyejua dawam.

Udhuru uwe mmoja. Naona wenzetu wengi wakitaja zamu, kisha gari bovu, kisha mtoto anaumwa, na kila sababu inayoongezwa inaitia shaka iliyotangulia. Kama hutaki kueleza kabisa, sema "indi dhuruf", yaani nina mambo yangu. Mwenye adabu hatakuuliza mambo gani.

Utawasikia wenyewe wakisema "wallah wuddi aji". Hiyo "wallah" ni kiapo. Kama hukuwa unatamani kwenda, iache.

Na kama ungependa udugu uendelee, usiishie kwenye "marra thania" tupu. Taja siku: "Is-sabt baad il-asr bamurr alaikum." Jumamosi baada ya alasiri nitapita kwenu. Hapo umemsaidia sana, kwa sababu mgeni wa alasiri huwekewa fwala, yaani tende, matunda, pengine halua, na kahawa. Atakuwa amekukirimu, na wewe hutakuwa umepoteza nusu siku. Ila ukishataja siku, nenda.

"Nikisema tu 'inshallah' halafu nisiende, si ndiyo njia ya kistaarabu kabisa?"

Hapana, na hii ndiyo inayovunja watu moyo kuliko kukataa. "Inshallah" ikisimama peke yake, mwenyeji ana haki ya kuielewa kuwa utakuja. Atakuhesabu. Mchele utaongezwa, nyama itaongezwa, na watu watakaa wakikusubiri huku chakula kinapoa, maana si adabu kuanza bila mgeni. Kama unajua huendi, neno hilo liweke kwenye mara nyingine, kama hapo juu, lisikae kwenye siku uliyoalikwa. Kama kweli hujui bado, sema hujui na useme lini utajua: "Barudd alaik bukra", nitakujibu kesho. Kesho ikifika, jibu wewe kwanza kabla hajakuuliza.

"Napita barazani kwa watu wanakula, wote wanasema 'tafadhal, tafadhal'. Nashindwa kujua kama nimealikwa kweli."

Hapo ni salamu. Mtu anayekula hawezi kukuona ukipita akanyamaza. Jibu "bil-afya" na uendelee na safari yako, hakuna atakayekasirika. Akikwambia "tafadhal" mlangoni kwake huku unaaga, mjibu "zad fadhlak", fadhila zako zizidi, kisha uende.

Mwaliko wa kweli utaujua kwa mambo mawili. Hurudiwa, na hutajiwa siku, saa au mahali. Mtu akikushika mkono, akasimama mbele yako na kusema "al-yom il-ghada indana", leo chakula cha mchana kwetu, huyo amekualika, na anastahili jibu kamili.

"Niko Nizwa, natengeneza pampu za maji. Kuna mzee mteja wangu, kila nikimaliza kazi ananiapia: 'Wallah titghadda indana!', yaani wallahi utakula mchana kwetu. Mimi nina wateja wengine wananisubiri. Nikiondoka, si nimemfanya avunje kiapo?"

Umeuliza jambo la maana, na watu wengi hulipita bila kuliona. Kiapo kilichokusudiwa kikivunjika kina kafara, nayo imetajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Aya hiyohiyo inasema Mungu hawashiki watu kwa viapo vya ulimi tu visivyokusudiwa. "Wallah" nyingi za ukarimu ni za ulimi. Lakini wewe huwezi kuujua moyo wa mzee, na wako wazee wanaoapa wakimaanisha. Ukimwachia kiapo hewani umemwacha na deni.

Njia iliyo bora ni kumwahi kabla hajaapa. Unamjua, unajua atasema nini. Ukiwa unafunga vifaa vyako, kabla ya kunawa mikono, sema wewe kwanza: "Ammi, la tahlif, Allah yikhallik. Indi naas yitrayyuni." Ami yangu, usiape, Mungu akuweke, nina watu wananisubiri. "Ammi" ni heshima kwa mzee aliye rika la baba yako. "La tahlif" isemwe kwa sauti ya kumsihi, mkono wa kulia kifuani. Isitoke kama amri.

Kama ameshaapa, sikiliza ameapia nini. Akiapa utakunywa kahawa, kunywa finjani moja na tende moja, kiapo kimetimia, na dakika tano hazitamuudhi mteja wako mwingine. Akiapa utakula chakula cha mchana, mwombe akupe sehemu: "Lugma wahda, ashan yaminak", tonge moja, kwa ajili ya kiapo chako. Kaa, kula kidogo kwa mkono wa kulia upande wako wa sinia, kisha simama na useme "Allah yikhlif alaikum", Mungu awarudishie. Kwa kawaida mzee mwenyewe atakuambia umemheshimu na atakuachia uende. Nimewaona watu wakivutana mlangoni robo saa wakikataa, na tonge moja ingemaliza jambo hilo kwa dakika mbili.

Usimjibu kiapo kwa kiapo. Yeye akisema "wallah utakula" na wewe ukasema "wallah sili", mmoja wenu lazima avunje, na hapo ukarimu umeshageuka mashindano.

"Nanunua vipuri vya magari kwa mfanyabiashara wa Dubai. Kanitumia kadi ya harusi ya mwanawe kwa WhatsApp. Mimi niko Mombasa, siwezi kwenda. Alama ya maua inatosha?"

Haitoshi. Kwa Waislamu mwaliko wa harusi hauko sawa na mwaliko mwingine. Kuna hadithi katika Bukhari na Muslim inayosema asiyeitikia mwaliko amemwasi Mungu na Mtume wake, na wanazuoni wengi wameichukua kuwa walima ya harusi ni wajibu kuitikia kwa asiye na udhuru. Umbali wako ni udhuru tosha, lakini lazima autambue, kwa hiyo utaje. Mwandikie siku hiyohiyo:

"Alf mabruk ya bu fulan, Allah yitammim alaikum bikheir. Mashkur ala id-daawa. Kan wuddi akun maakum, bas ana fi Mombasa u ma aqdar asafir. Allah yibarik lahum."

Yaani: hongera elfu, baba fulani, Mungu awatimizie kwa kheri, nashukuru kwa mwaliko, nilitamani kuwa nanyi, ila niko Mombasa na siwezi kusafiri, Mungu awabariki. Mahali pa "fulan" weka jina la mwanawe wa kwanza wa kiume, kama unalijua. Ndivyo wanavyopenda kuitwa. Hongera inakuja kabla ya kutokwenda, na udhuru ni mahali ulipo, basi. Usiingize habari ya mzigo wala ankara katika ujumbe huo, hata kama mlikuwa mnaijadili asubuhi. Siku ya harusi yenyewe mtumie sauti fupi ya dua. Kwa mtu uliyekuwa mbali, sauti hiyo ndiyo mahudhurio yako.

Ungekuwa Dubai, ningekushauri usikatae kabisa. Kwenye harusi nyingi za Ghuba wanaume huja, humpa mkono bwana harusi na baba yake, hukaa kidogo, hula na kuondoka. "Bamurr asallim", nitapita kusalimia, ni jibu linalokubalika kwa mtu asiye na nafasi.

"Mimi ni dada, nafanya kazi Doha. Mkubwa wangu wa kazini ananialika chakula cha usiku, mimi na yeye tu. Namjibuje kwa adabu?"

Dada yangu, yote niliyoandika juu ya dua na mara nyingine usiyatumie hapa. Maneno hayo huacha mlango wazi, na wewe unataka kuufunga. Sema: "Mashkur, ma aqdar." Nashukuru, siwezi. Akirudia: "Ma yisir." Haiwezekani. Usitoe sababu, maana sababu huvutia siku nyingine. Usiseme "marra thania" wala "inshallah".

Wala usiogope kwamba umekosa adabu ya wenyeji. Kwa desturi yao wenyewe mwanamume hamwaliki mwanamke asiye maharimu wake wakae wawili peke yao, kwa hiyo aliyetoka nje ya adabu si wewe. Weka ujumbe wake na jibu lako, usifute.

"Nikiwa nimeshakaa, kahawa haishi kumiminwa. Nikisema 'bas' wanaendelea. Na nikiwa nimefunga?"

Tikisa finjani. Ishike kwa mkono wa kulia, iyumbishe kushoto na kulia mara mbili tatu kwa kiganja tu, kisha mrudishie anayemimina. Atajua umetosheka. Anayemimina hutazama finjani zaidi ya anavyosikiliza maneno, na ukiinyoosha bila kuitikisa amekuelewa unaomba nyingine. Kahawa hutiwa chini ya nusu, kwa hiyo kukubali ya kwanza hakukulemei, na kuikataa ile ya kwanza huonekana vibaya.

Ukiwa umefunga, sema "ana sayim", na hapo hapatakuwa na mvutano. Ipo hadithi ya Muslim kwamba aliyealikwa naye amefunga awaombee dua wenyeji. Waombee kwa Kiswahili ukitaka.

Jihadhari na jambo moja: usipokee finjani yenye kahawa ukaiweka chini bila kuinywa. Kwa desturi ya kale ya makabila, mgeni afanyaye hivyo ana ombi zito analotaka litimizwe kabla hajanywa, na mzee wa nyumba anaweza kukugeukia mbele ya watu wote akuulize ombi lako ni lipi.