Firenze au Florence: mtafsiri aandike lipi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri kutoka Kiingereza kitabu cha msafiri aliyezunguka Italia katika karne ya 19. Nimeandika Firenze, Venezia na Torino, lakini mhariri ananirudishia Florence, Venice na Turin kwa kuwa ndivyo yalivyo katika kitabu. Na mikoa je: Tuscany, Sicily, Lombardy? Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Kwa majina ya miji niko upande wako. Florence, Venice na Turin ni majina ya Kiingereza, na ndani ya Kiingereza ni halali kabisa. Mhariri anayadhania kuwa sehemu ya maneno ya mwandishi yasiyoguswa, kumbe nayo yanatafsiriwa kama maneno mengine. Msomaji asiyejua Kiingereza akikutana na Venice atakwama, maana c peke yake haimo katika alfabeti yetu na e ya mwisho kwetu lazima isikike. Mpe Firenze uone. Kila irabu inatamkwa, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama wanavyouweka Waitalia, na nz tunaitamka kila siku katika nzige na nzuri. Milano, Torino na Livorno nayo hayana taabu. Kwa Napoli, Genova na Padova, Waitalia huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, nasi tutausogeza katikati. Hilo ni jambo dogo.

Ila usijenge hoja yako kwa kudai kwamba Waingereza wameharibu majina ya watu. Turin ndivyo Wapiemonte, wenyeji wa mkoa wa Torino, wanavyouita mji wao kwa lugha yao ya nyumbani, na Milan ni jina la Kilombardi. Florence linatokana na Florentia, jina la Kilatini la mji huohuo. Hoja yenye nguvu ni kwamba Kiswahili hakina sababu ya kupitia London ili kufika Torino. Wamisionari wa Konsolata, ambao shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1901, walifika Kenya mwaka 1902, na baadaye wakaingia Iringa. Wakatoliki wa huku wanasema Sanda ya Torino, wala hakuna aliyewahi kuwafundisha Turin.

Hapo ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu, kwa sababu yako majina ya Italia ambayo Kiswahili kilishayapokea kwa njia yake chenyewe, na hayo hayafutwi kwa kupenda umbo la wenyeji. Biblia imetupa Rumi na Warumi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 28, Paulo anatia nanga Sirakusa, anapita Regio na kushuka Puteoli. Mji wa leo ni Roma, na wakazi wake ni watu wa Roma. Warumi tuwaachie habari za kale. Katika maandiko ya Kiislamu jina hilohilo hutaja Warumi wa dola ya mashariki, yaani Bizanti, kwa hiyo ukiliweka kwa wakazi wa Roma wa karne ya 19 utamchanganya msomaji. Sirakusa mimi ningeliandika hivyo hivyo hata kwa mji wa sasa, kwani limekwisha kuwa letu. Puteoli ni kisa kingine. Mji huo, ulio karibu na Napoli, leo unaitwa Pozzuoli, na msafiri wako akifika hapo aandikiwe Pozzuoli. Akimkumbuka Paulo, basi Puteoli litajwe mara hiyo moja.

Padova nao una mtego wa aina hiyo. Mtakatifu ni Antoni wa Padua, na usimbadilishie jina lililozoeleka katika sala. Mji uandike Padova, na mahali pa kwanza unapotajwa eleza kwa sentensi fupi kwamba ndio mji wa Antoni wa Padua. Klabu za mpira zina hali hiyohiyo. Genoa na Milan zilianzishwa na Waingereza, mwaka 1893 na 1899, zikabaki na majina ya Kiingereza hata nyumbani kwao. Utawala wa Mafashisti uliilazimisha Milan kujiita Milano, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikarudia jina lake. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika bila kosa kwamba Genoa wanacheza Genova.

Kwa mikoa naelekea upande mwingine kidogo. Sisilia na Sardinia yameshakaa katika vitabu vyetu, ingawa Waitalia huandika Sicilia na Sardegna. Toskana na Kalabria nayaandika kwa k, ili msomaji asikutane na c isiyo na h. Lombardia na Umbria hayahitaji kuguswa. Pale ambapo Kiingereza kina umbo lake la pekee, kama Piedmont, Apulia na Latium, chukua la Kiitalia: Piemonte, Puglia, Lazio. Huenda ukaniuliza kwa nini basi nisiandike Luka badala ya Lucca, au Bolonya badala ya Bologna. Jina la mji msomaji atalitafuta kwenye ramani, kwenye tiketi na kwenye kibao cha stesheni, na likibadilishwa tahajia halitapatikana. Isitoshe, Luka kwetu ni mwinjili.

Sasa tujaribu sentensi ya aina utakayokutana nayo: kutoka Leghorn tulipanda treni, tukapita Pisa, na jioni tukawa Florence. Pisa haina shida. Florence ni Firenze. Leghorn ndilo jina linalowaangusha watafsiri wengi, kwa sababu halifanani na chochote kwenye ramani ya Italia. Ni jina la zamani la Kiingereza la bandari ya Livorno, na reli ya kutoka hapo hadi Firenze kupitia Pisa ilikamilika mwaka 1848. Ukiliacha Leghorn, wafugaji watamfikiria kuku mweupe wa mayai. Kweli kuku huyo amepata jina lake kutoka bandari hiyo, lakini yeye ataendelea kuitwa leghorn, na bandari ni Livorno. Dalili ya kuangalia ni hii: jina lisipoonekana kwenye ramani ya Kiitalia, usilinakili kabla ya kujua ni jina la zamani la mahali gani.

Angalia pia majina ya dola. Ufalme wa Sardinia, uliodumu mpaka 1861, makao yake makuu yalikuwa Torino, bara, wala si kisiwani. Msafiri wako akisema aliingia Sardinia kutoka Ufaransa kwa kuvuka milima ya Alpi, andika Ufalme wa Sardinia, la sivyo msomaji atashangaa kisiwa kimefikaje milimani.

Mahali ambapo kanuni ya jina la wenyeji inakuwa ngumu ni kaskazini kabisa, kwenye njia ya kutokea Austria. Mji ambao ramani za leo zinauita Bolzano ulikuwa ndani ya Austria wakati wa msafiri wako, na wenyeji wake wengi, wasemaji wa Kijerumani, waliuita Bozen. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza eneo hilo lilitwaliwa na Italia, na vijiji vingi vikapewa majina ya Kiitalia kutoka orodha aliyoitunga mwanasiasa wa Kiitalia Ettore Tolomei, mengine ya kubuni tu. Leo majina yote mawili, la Kiitalia na la Kijerumani, hutumika huko. Ukiandika Bolzano peke yake katika kitabu cha karne ya 19, unaipa Italia mji ambao haikuwa nao bado. Andika Bozen, na mara ya kwanza ongeza kwamba leo uko Italia na unaitwa pia Bolzano.