Lita 10 za spiriti na lita 14 za maji hazifiki lita 24, pima hivi kabla hujajaza chupa

Kama unapunguza spiriti kali kwa maji ili uijaze kwenye chupa, hesabu ya kujumlisha lita itakuangusha, na nimeona inavyoangusha hata watu makini kabisa. Kuna jamaa alinipigia akiwa na hasira, anasema muuzaji wake wa spiriti kampunja, kaweka lita 10 kwenye pipa kisha maji lita 14 na alitarajia chupa 32 za mililita 750, akapata 31 na kasalio kadogo chini ya pipa. Muuzaji hakumpunja hata tone. Lita 24 zake hazikuwahi kuwepo.

Hii kitu unaweza kuiona kwa macho yako ukiwa na silinda ya kupimia yenye kifuniko. Weka maji mililita 50, halafu mimina taratibu alkoholi safi mililita 50 ukipitisha kwenye ukuta wa silinda, maana alkoholi ni nyepesi itakaa juu na utaona usawa uko karibu na 100. Sasa funika, pindua mara chache, subiri. Silinda inapata joto mkononi, vipovu vidogo vidogo vinapanda, na ikishapoa ukisoma tena unakuta 96 na kidogo, hakijamwagika kitu. Ukipima uzito kabla na baada hakuna hata gramu iliyopotea, kilichopungua ni nafasi tu inayochukuliwa.

Wengi hueleza kwa mfano wa mchanga unaoingia kati ya kokoto, na si mbaya, ila ni nusu ya maelezo. Molekuli za maji zinashikana kwa mpangilio wenye uwazi mwingi ndani yake, na molekuli ya alkoholi ina mkia unaoweza kuingia kwenye uwazi huo huku kichwa chake kikishikana na maji kwa nguvu. Yaani hazikai tu kwenye mapengo, zinavutana, na lile joto ulilolisikia mkononi ndiyo ushahidi kwamba kuna kushikana kupya kumetokea. Mendeleyevu, yule yule wa jedwali la elementi, tasnifu yake ya mwaka 1865 ilihusu hasa alkoholi na maji, na upungufu huu alikuwa anaupima kwa uangalifu mkubwa. Upungufu ni mkubwa zaidi pale vitu viwili vinapokaribiana kwa ujazo, ukienda kwenye mchanganyiko wenye maji mengi sana au alkoholi nyingi sana unapungua.

Sasa turudi kwa pipa la yule jamaa. Spiriti ya asilimia 96, lita 10, ina alkoholi lita 9.6. Anataka asilimia 40. Ile fomula ya C1V1 = C2V2, yaani nguvu mara ujazo kabla ya maji ni sawa na nguvu mara ujazo baada yake, inampa 9.6 gawanya kwa 0.40, sawa na lita 24, na hapo iko sahihi kabisa. Kosa linaingia kwenye hatua inayofuata, akatoa 24 − 10 akapata maji lita 14, wakati fomula haijasema chochote kuhusu maji, imesema ujazo wa mwisho tu. Ukitaka kujua maji hamia kwenye uzito kwa sababu uzito haudanganyi. Kwa nyuzi 20 lita moja ya spiriti ya 96 ina uzito wa kilo 0.807, kwa hiyo lita 10 ni kilo 8.07. Lita moja ya mchanganyiko wa asilimia 40 ni kilo 0.948, kwa hiyo lita 24 ni kilo 22.75. Tofauti ni kilo 14.68, hayo ndiyo maji, na kwa ujazo ni kama lita 14.7. Umeingiza lita 24.7, umepata 24.

Aliyeweka 14 tu amepata kama lita 23.3 zenye nguvu ya asilimia 41.2 hivi, ndiyo maana chupa hazikutimia na lebo inayosema 40 si ya kweli. Na hapa ndipo pananitia wasiwasi kuliko pote, maana mtu akiona chupa ya mwisho haijajaa anashawishika kuongezea maji humo humo. Kwenye hesabu yetu baada ya chupa 31 kinabaki kitu kama mililita 60, ukijazia maji mpaka 750 umemuuzia mteja chupa yenye asilimia 3 na ushee. Maji yanayopungua yarudi kwenye pipa zima, ukoroge, ndipo ujaze, kamwe usirekebishe ndani ya chupa.

Njia ninayotumia ni mizani. Naweka pipa tupu nasawazisha sifuri, naingiza spiriti kwa kilo, kisha maji kwa kilo lakini nayaacha kidogo, tuseme 14.4 badala ya 14.68, nakoroga vizuri na kufunika. Halafu naacha hadi kesho yake. Kuna sababu mbili za kusubiri. Kwanza mchanganyiko umepanda nyuzi kadhaa na kitu cha moto kimetanuka, kwenye asilimia 40 ni kama asilimia 0.7 ya ujazo kwa kila nyuzi 10. Ukijaza chupa ya 750 kikiwa na nyuzi 30, kikishuka hadi 20 usawa umeshuka kwa mililita 5 hivi na shingoni inaonekana wazi. Pili ni vile vipovu, hewa iliyokuwa imeyeyuka inafukuzwa wakati wa kuchanganya, na vikigandia kwenye haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kusoma nguvu ya pombe, vinainyanyua juu, inasoma nguvu ndogo kuliko iliyopo na wewe unaacha kuongeza maji mapema.

Asubuhi napima kwa haidromita na themomita pamoja. Haidromita nyingi za pombe zimewekwa kwa nyuzi 20, na kwenye joto la nyuzi 30 mchanganyiko wa kweli wa 40 utasomeka karibu 44, kwa hiyo bila jedwali la kusahihisha joto usomaji huo haukusaidii. Ukiwa umeweka sukari au asali ndani ndiyo kabisa usiiamini, utamu unaongeza uzito na nguvu itaonekana ndogo, basi pima kabla ya sukari. Baada ya hapo naongeza maji yaliyobaki kidogo kidogo mpaka ifike.

Huna mizani? Tumia chombo chenye alama ya lita 24 iliyohakikishwa, weka spiriti, ongeza maji mpaka karibu na alama, acha kipoe, ndipo umalizie hadi alama. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya dawa ya kusafisha mikono nayo iko hivyo hivyo, inataja mililita 8333 za ethanoli ya 96 na vitu vingine viwili, ila maji haiyapimi, inakuambia ujazie hadi alama ya lita 10. Ukijazia kikiwa bado cha moto alama itakudanganya, kwenye pipa letu ni kama mililita 120 za maji utakazokosa.

Na kwenye kujaza, ukilazimika kujaza siku ya baridi usifikishe mdomoni kabisa, acha nafasi shingoni, kwa sababu joto likipanda kimiminika kinatanuka na kizibo ndicho kitakachosukumwa.