Kinachokuja Baada ya "Sin Embargo" Katika Insha ya Kihispania

Insha yangu ya kwanza ya kitaaluma kwa Kihispania ilirudi ikiwa na swali moja pembeni: «¿Cuál es su tesis?», yaani, hoja yako kuu ni ipi? Swali hilo lilinishangaza, kwa kuwa hoja niliiandika waziwazi mwishoni mwa aya ya utangulizi. Mada ilikuwa mpango wa Barcelona, uliotangazwa mwaka 2024, wa kufuta leseni za nyumba 10,101 za kupangisha watalii ifikapo Novemba 2028, nami niliandika:

«Eliminar los pisos turísticos no bastará para abaratar el alquiler.»

Nilidai kwamba kufuta nyumba hizo za watalii hakutatosha kushusha kodi ya nyumba. Hiyo ni tesis halali, kwa sababu mtu anaweza kuipinga. Kutaja tu kwamba insha itazungumzia utalii kungekuwa kutangaza mada.

Kosa lilikuwa katika aya ya pili. Nilitangulia kusema kwamba mwenye nyumba aliyepoteza leseni anaweza kuiuza nyumba yake badala ya kuipangisha, kisha nikaendelea: «Sin embargo, la medida puede devolver viviendas a los vecinos», yaani, hata hivyo hatua hiyo inaweza kuwarudishia wakazi makazi. Msomaji wa Kihispania huchukulia kwamba kinachofuata «sin embargo» ndicho chenye uzito zaidi, kwa hiyo nilionekana nimehamia upande wa pili. Dawa ilikuwa kugeuza mpangilio: kukubali kwanza hoja ya wapinzani, kisha kuileta yangu:

«La medida puede devolver viviendas a los vecinos. Sin embargo, el dueño también puede vender su piso.»

Angalia pia alama. Niliwahi kuandika «La ciudad es cara, sin embargo, muchos quieren vivir allí», na mkato ule wa kwanza ukasahihishwa kuwa nukta mkato, kwa kuwa «sin embargo» haiunganishi sentensi mbili kama «pero» inavyofanya. Hutanguliwa na nukta au nukta mkato, na kwa kawaida hufuatwa na mkato.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna msaada mmoja mzuri hapa: «pero» ni lakini, «sin embargo» ni hata hivyo, na «sino» ni bali, tena hufuata ukanushi kama bali yetu: «No es un problema de turismo, sino de vivienda.» Anayejua kwamba bali haikai popote penye lakini hatasumbuka sana na «sino».

Katika hitimisho, sikurudia tesis neno kwa neno wala sikuongeza ushahidi mpya. Niliirudisha ikiwa imebeba kile nilichokubali njiani:

«En conclusión, la medida puede ayudar a los vecinos, pero por sí sola no abaratará el alquiler.»

Maneno «por sí sola», yaani peke yake, hayakuwemo katika utangulizi. Yalitokana na aya ya pili, baada ya kupangwa upya.